Hesabu Iliyotoshana Kabisa

Katika duka la chakula cha mifugo la Mama Vivian, pale Eldoret, mteja akipiga simu hakuwa na haja ya kutaja jina. Maximilla alimjua kwa salamu. Alijua nani ana ng'ombe anayekaribia kuzaa, nani hulipa akishauza maziwa, na nani ataapa kwa Mungu na bado asilipe. Alikuja kutoka Bungoma akiwa msichana, akaanza kwa kufagia stoo, akapanda hadi kiti cha karani wa hesabu, na hapo akakaa zaidi ya miaka kumi. Kanisani alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Nyumbani kwake Langas kulikuwa na binti wa kidato cha tatu na kochi jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Kwa jumla maisha yake yalikuwa yamenyooka, mpaka alipoajiriwa Chepngetich.

Huyo Chepngetich hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililoudhi. Alikuwa mdogo, mrefu, mwenye kucheka chini chini, na alikuwa amesoma mambo ya hesabu na kompyuta pamoja. Wiki yake ya kwanza alimletea kila mtu maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni, kutoka kwao Kapseret. Maximilla alikunywa kikombe chake chote, akasema ni tamu, kisha akaenda chooni akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Wivu wenyewe ulipata jina lake mwezi wa kwanza, Mama Vivian alipoamua wateja waweze kulipa kwa njia ya mtandao. Zamani mteja alilipa kwa simu moja kwa moja, na kila malipo yaliingia na jina la mwenyewe. Sasa mteja alitumiwa kiungo, akabonyeza, akalipa kwa kadi au vyovyote alivyotaka, na pesa zikapitia kwanza kwa kampuni ya kupokea malipo iliyoko Nairobi. Kampuni ile ilikusanya malipo ya watu wote, ikayaweka benki mara moja kama donge moja, bila jina la mtu. Kazi ya kulivunja lile donge na kujua ni nani kalipa nini, Mama Vivian alimpa Chepngetich.

"Huyu anaielewa hii computer," alisema mbele ya watu wote, kama anayesema mvua imenyesha.

Maximilla alitabasamu. Kila asubuhi alimwona yule msichana akifungua ripoti yake, akigonga gonga, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Angalau angehangaika kidogo! Angalau siku moja angeshika kichwa! Maximilla hakuwahi kwenda kutazama ile ripoti ina nini. Kwenda kutazama kungekuwa kukubali kwamba kuna kitu asichokijua.

Mambo yakakolea mhasibu wao mkuu, Mzee Nicanor, alipostaafu. Mama Vivian alisema Ijumaa jioni kwamba wiki ijayo atamtaja atakayekikalia kiti kile. Hakuna aliyeuliza ni kina nani wanaofikiriwa. Walikuwa wawili tu ofisini.

Na Ijumaa hiyo hiyo Chepngetich aliomba ruhusa ya Jumatatu na Jumanne, kwa kuwa kaka yake alikuwa anakwenda kuchumbia na familia yote ilitakiwa.

"Auntie Maxi," alisema akivaa koti, "ile ripoti ya malipo inakuja kwa email yangu. Jumatatu pesa ikiingia nipigie tu, nakutumia saa hiyo hiyo."

"Enda ukule sherehe, mama. Usijali."

Jumatatu asubuhi benki ilionyesha donge la mwisho wa wiki: shilingi mia moja arobaini na tano elfu na mia tano. Simu ya Maximilla ilikuwa juu ya meza, ina chaji, ina salio. Hakuigusa. Ampigie nani? Amsumbue bibi harusi wa watu? Si hata harusi yake! Yeye amepasua kichwa kwa madeni ya watu tangu huyo mtoto akinyonya. Akatoa orodha ya invoisi ambazo hazijalipwa, akanoa penseli.

Kwanza aliweka Wanyama, arobaini na nane elfu na mia tano, kwa sababu Wanyama alikuwa amepiga simu kusema amelipa. Akaweka Adero, thelathini na tisa elfu na mia tano, kwa sababu Adero hadanganyi. Kisha akaweka Waiyego, mama wa kuku wa mayai kule Langas, sitini na mbili elfu. Akajumlisha. Zilizidi kwa elfu nne na mia tano. Akamtoa Waiyego. Akashuka na penseli hadi kwa Mzee Kibet wa kule Ziwa, ambaye deni lake lilikuwa limeota ndevu: hamsini na saba elfu na mia tano. Akajumlisha tena.

Zilitoshana. Hata senti haikubaki wala kupungua.

Maximilla aliegemea kiti kwa raha. Kumbe ndiyo hii tu! Kumbe hili ndilo linalomfanya msichana atembee kama ana yai kichwani! Akaandika wale watatu kuwa wamelipa, akaenda kwa Mama Vivian na karatasi mkononi.

"Za weekend zimeshamalizika, Mama. Zimetoshana kabisa, na sikuhitaji ripoti ya mtu."

Mama Vivian alikuwa kwenye simu na watu wa mahindi. Aliinua kidole gumba. Maximilla alikibeba kidole kile siku nzima kama zawadi.

Huko Ziwa, Mzee Kibet alipata ujumbe wa duka wa kumshukuru kwa kulipa deni lake lote. Mzee hakubisha. Kwa kuwa akaunti ilikuwa safi, aliagiza mzigo mwingine, na Jumanne lori lilimpelekea. Siku hiyo hiyo Waiyego alikuja na pikapu ya kukodi kuchukua chakula cha kuku, na mtu wa stoo akamwambia hapakiwi, ana deni. Waiyego akapiga simu ofisini.

"Maximilla, mimi nililipa Saturday! Message niko nayo hapa!"

"Message ya simu si pesa kwa benki, mama. Ikiingia tutaiona."

"Kuku wangu wanakula nini leo?"

"Pole sana," alisema Maximilla, na akakata. Kwa kweli alimwonea huruma kidogo. Lakini hesabu ilikuwa imetoshana, na mtu hawezi kubishana na hesabu.

Jumatano Chepngetich alirudi, mikono bado na harufu ya moshi wa nyama, akafungua kazi ya Jumatatu. Maximilla alimtazama kwa pembe ya jicho, akingoja aone uso ukimshuka. Uso ulishuka kweli, lakini si kwa namna aliyoitaka.

"Auntie," alisema polepole, "hizi zimetoshana kabisa?"

"Kabisa. Inakuuma?"

"Haiwezi kutoshana." Alisema kwa sauti ya chini ili mtu wa mlango wa pili asisikie. "Hii kampuni hukata yao kwanza. Shilingi tatu kwa kila mia. Pesa inayofika benki lazima iwe kidogo kuliko invoice. Ikitoshana, ujue kuna mtu ameingia hapo na si wake."

Akamgeuzia kompyuta. Ripoti ilikuwa imepangwa mstari kwa mstari: Wanyama, Adero, Waiyego. Kila mmoja na namba ya invoisi yake, alicholipa, kilichokatwa, na kilichobaki. Wote pamoja walikuwa wamelipa mia moja na hamsini elfu. Kilichokatwa kilikuwa elfu nne na mia tano. Wateja walitakiwa kuandikiwa pesa yote waliyolipa, na ile elfu nne na mia tano kuandikwa gharama ya duka. Ndiyo ile ile iliyomfanya Maximilla amtoe Waiyego.

Maximilla aliisoma mistari ile tena. Waiyego alikuwa amelipa. Mzee Kibet hakuwa ametoa hata shilingi, na alikuwa na mzigo wa pili juu ya deni la kwanza.

Kabla hajafungua mdomo, Waiyego mwenyewe aliingia, amepandwa na hasira, akiwa amebeba trei ya mayai ambayo haikufika nusu. "Haya ndiyo mayai ya banda zima leo!" Mama Vivian akatoka ofisini kwake kuuliza kelele ni za nini.

"Ni makosa yangu, Mama," Chepngetich alidakia. "Nilienda na ripoti. Ningemwachia Auntie, hii haingetokea."

Mtu mwingine angeshukuru. Maximilla alisimama. Huyu msichana alikuwa amechukua kazi, amechukua sifa, na sasa alitaka kuchukua hata kosa, alibebe vizuri kama anavyobeba kila kitu, ili kesho Maximilla amtazame kama mwokozi. Potelea mbali!

"Si yake!" alipaza sauti. "Ni yangu! Aliniambia nimpigie nikakataa. Nilitafuta invoice za kutoshana nikajaza. Huyu mama amelipa, na Mzee Kibet hajalipa. Kosa ni langu, asiliguse!"

Waiyego alipakiwa mzigo wake, na magunia mawili ya bure kama fidia, akaenda. Mama Vivian akamwita Maximilla ndani na kufunga mlango.

"Kwa nini hukumpigia?"

Maximilla aliitazama sakafu. "Sikutaka ajue sijui."

Mama Vivian alivuta pumzi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ile Friday nilikuwa nimeshaamua ni wewe, Maxi. Nilimuuliza Chepngetich kwanza, nione kama atanuna. Akaniambia, Mama, mpatie Auntie, watu wanamwamini, mimi nitamsaidia na za mtandao." Akafunga daftari lililokuwa mbele yake. "Lakini mkubwa wa hesabu asiyeweza kuuliza, huyo siwezi. Nitampatia yeye. Wewe utampigia Mzee Kibet, na utamwomba msamaha Waiyego."

Maximilla alirudi mezani kwake. Chepngetich alikuwa ameshasahihisha hesabu ya Jumatatu, na alikuwa amemvutia kiti kando ya kompyuta.

"Ulimwambia Mama anipatie kazi?" Maximilla aliuliza, bila kukaa.

"Eeh."

"Kwa nini?"

"Si wewe ndio unajua watu? Mimi najua ripoti tu."

Maximilla aliuchunguza uso ule, akitafuta kejeli, hata kidogo, apate pa kushika. Hakuna. Akainua simu akaanza kumtafuta Mzee Kibet, na mkono mmoja ukakivuta kile kiti karibu, kwa hasira, akakikalia.