Kona ambazo sikuzipima

Kule Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, wenzangu wa ghalani walisema sitatoka kwenye kuvuta makatoni. Walisema mtu aliyesomea chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi hawezi kukaa darasa moja na watoto wa Wamarekani. Nikahamia Columbus, nikapanga chumba Clintonville, nikasafisha maofisi, nikasoma, na diploma ya takwimu nikaipata bila mtu wa kunishika mkono. Nilipohamia Louisville, South End, kwa watu wangu, niliitundika sebuleni mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.

Kwa hiyo walinijia mimi. Nyuma ya maghala ya mtaa kulikuwa na uwanja wenye vishamba mia moja na ishirini, vyote vya watu wetu wa Kivu, Kongo. Mwenye uwanja alitaka kuuza asipopata mpangaji. Kamati ya mtaa iliahidi kuukodi kwa ajili yetu, kwa sharti kwamba uwe unatoa angalau ratili elfu thelathini za chakula kwa msimu. Hakuna aliyejua unatoa ngapi.

Niliwaeleza kanisani baada ya ibada. Kupima vyote hatuwezi, lakini orodha ya kamati ina ukubwa wa kila kishamba, na jumla ni futi za mraba elfu sitini. Tutachagua kumi na viwili kwa kura na kupima mavuno yao msimu mzima. Nitagawanya mavuno hayo kwa ukubwa wa vishamba hivyo, nijue kila futi inatoa kiasi gani, kisha nizidishe kwa elfu sitini. Papa mmoja, mzee wa kanisa, akauliza kwa nini nisizidishe tu mavuno ya vile kumi na viwili kwa kumi. Nikamjibu kwamba kura ikiangukia vikubwa, hesabu yake itatudanganya.

"Bon," akasema akichanganya Kifaransa, "donc, kumbe ni diploma ya kuhesabu lengalenga."

Lengalenga ni mchicha wa kwetu; watu wakacheka. Nami nikacheka, maana nilijua ni nani wanayemtegemea. Mizani niliazima nyumba kwa nyumba, nyingine za jikoni, nyingine za kupimia uzito wa mwili, nikampa kila mwenye kishamba cha kura moja pamoja na daftari.

Majira ya baridi yalipokaribia nilijumlisha. Ratili elfu mbili na mia sita, kutoka futi elfu sita na mia tano za kwenye orodha. Yaani sehemu nne za kumi za ratili kwa kila futi, na uwanja mzima elfu ishirini na nne. Kura ilikuwa imeangukia vikubwa kidogo, kama nilivyoonya; kwa njia ya yule papa tungepata elfu ishirini na sita. Zote mbili hazikutosha. Nilichora mavuno dhidi ya ukubwa, na nukta zikapangika karibu na mstari mmoja. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Niliipeleka kwenye kamati nikiwa na uchungu, lakini bila shaka yoyote.

Nilikwenda uwanjani kumwambia mama mmoja ambaye kishamba chake kilikuwa kwenye kura. Alikuwa anang'oa mabua. Kwenye kona ya kishamba hichohicho mwanamke mwingine alikuwa akikusanya maharagwe ya mwisho. Nikauliza kama huyo ni msaidizi wake.

"Hapana, papa. Alikuja mwanzo ya musimu na watoto, nikamukatia kona. Kila mutu anakatia mugeni kona, robo hivi."

"Na mavuno ya kona uliyaandika?"

"Uliniomba mavuno yangu. Ile ya kona haiko yangu. Nitapima aje kitu ya mutu?"

Nilizunguka kwa wote kumi na wawili. Jibu lilikuwa lilelile. Nilikuwa nimechukua mavuno ya robo tatu nikayagawanya kwa ardhi nzima, na kwa kuwa kila mmoja alikata karibu robo, nukta zangu zilibaki kwenye mstari, hazikunionya. Futi zilizolimwa na wenyewe zilikuwa elfu nne, mia nane sabini na tano. Nikagawanya upya. Kama wageni walivuna sawa na wenyeji wao, uwanja ulitoa elfu thelathini na mbili.

Kamati ilinisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akasema hesabu inayopanda baada ya mtu kuambiwa haitoshi ni ngumu kuipokea, akaomba nionyeshe mavuno ya kona. Yalikuwa yameliwa. Kabla ya masika uwanja uliuzwa, ukazungushiwa uzio.

Bado ninasema hakuna mwingine kati yetu aliyeweza kuifanya hesabu ile. Hakuna anayebisha, wala hakuna anayeuliza tena.

Mizani nilizirudisha zote. Baadhi ya wenye mizani walikuwa wamefuata kazi za viwanda Columbus, na wa mwisho alikuwa Buffalo, umbali wa mitaa miwili kutoka pale nilipovuta makatoni. Niliendesha gari siku nzima. Alifungua mlango akiwa na sare ya kazini, akapokea mizani yake, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaiweka sakafuni nyuma ya mlango, akanishukuru, nikateremka ngazi.