Tangazo la Fundi wa Uyole

Nilipofungua chumba changu cha kushonea pale Uyole, nilikuwa na vyerehani viwili, mashine ya ovaloki ya kumalizia kingo za nguo niliyoinunua kwa mtu, pasi, meza ya kukatia na kioo kirefu. Sikuwa na mteja hata mmoja. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi hapo jirani, na ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi duka linafunguliwa kwenye simu kabla ya kufunguliwa mlango.

Tulikaa juu ya meza ya kukatia, yeye anaandika, mimi nasema. Tunashona magauni, sketi na blauzi, sare za shule, na tunarekebisha nguo. Tupo upande wa sokoni, mlango wa bluu. Kisha ofa: wateja kumi wa kwanza watakaoleta kitambaa chao watashonewa kwa nusu ya bei ya ufundi, nguo moja kwa kila mtu. Wifi akaongeza kwamba nafasi itahesabika mtu akishapimwa na kuacha kitambaa, maana wengine wangesema "niandikie" halafu wasitokee.

"Sasa tunataka kichwa cha kumshika mtu," akasema. Akafikiri kidogo, akaandika: *Umechoka na mafundi wa njoo kesho? Njoo kwetu.*

Nilicheka sana. Nani hajawahi kuambiwa na fundi njoo kesho? Nikampa picha yangu nikiwa nimesimama mlangoni, akaituma pamoja na tangazo kwenye magrupu kwa simu yangu, akaiweka kwenye ukurasa wa Facebook tuliokuwa tumeufungua asubuhi ile, nami nikaiweka kwenye status.

Hadi saa sita mchana watu watatu walikuwa wameshapimwa. Nilikuwa nachora mgongo wa gauni la mwalimu mmoja wa shule ya msingi simu ilipoita. Alikuwa mama wa Iringa.

Mama huyu si ndugu yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika kwake nikiwa nimemaliza darasa la saba, sijui hata kupitisha uzi kwenye sindano ya mashine, nikakaa naye miaka minne. Nilikula kwake, nikalala chumba kimoja na binti zake.

"Kamwene, mwanangu," akasema, ile salamu ya kwao.

"Kamwene. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeliona tangazo lako. Mwenzako mmoja mliyejifunza naye amenirushia. Nimefurahi mno. Nimewaonyesha majirani ile picha, nikawaambia huyu ni wa kwangu." Kisha akaongeza, "Na hilo la njoo kesho limenichekesha."

Alicheka kweli. Ila nakifahamu kicheko chake, na kile kilikuwa kifupi.

Nikaweka chaki mezani. Mwaka wangu wa mwisho kwake, mumewe alikuwa anaumwa kitandani, amepooza upande. Mama alikuwa anamgeuza, anamlisha, anamwosha, kisha anarudi kwenye cherehani na kushona mistari miwili, mzee anaita tena. Nguo zilichelewa. Wateja walipokuja hakutaka kuwatajia ugonjwa wa mumewe, alisema mgonjwa si kisingizio cha biashara. Akanituma mimi mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wale wateja, kwa mdomo wangu, njoo kesho. Wengine walitukana. Wengine walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa mafundi wengine, na hawakurudi hata mzee alipokwisha kuzikwa.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Ya nini? Hebu niambie, nafasi kwenye wale kumi wa kwanza ipo?"

"Ipo. Nakuandika sasa hivi."

"Huwezi kuniandika. Tangazo linasema mpaka mtu apimwe."

"Mama, vipimo vyako..."

"Hujawahi kunipima wewe. Nitapanda basi keshokutwa."

Alipokata simu nikafuta status. Kwenye magrupu, muda wa kuhariri ulikuwa umeshapita, nikafuta ujumbe wote, ukabaki ule mstari wa kusema ujumbe umefutwa. Zile nakala ambazo watu walikuwa wameshawatumia wenzao sikuwa na namna ya kuzirudisha. Facebook nikamwomba wifi abadilishe maneno.

Wifi alikasirika. "Wifi yangu, watu sitini wameligusa lile! Unafuta kwa sababu ya mtu mmoja?"

Nikamsimulia. Nilimsimulia hata yale niliyokuwa sijamwambia mume wangu, jinsi nilivyokuwa naona aibu mlangoni, jinsi siku moja nilimchukia yule mgonjwa kwa kuita. Wifi alinisikiliza huku anaviringisha uzi kidoleni. Kisha akachukua simu tena, akaniambia tu, "Sema, naandika."

Tukaandika kwamba kazi hii nilifundishwa na mama mmoja wa Iringa ambaye hakuruhusu nguo itoke na mshono uliopinda hata kama imepita siku yake. Kwamba nikichelewa nitakupigia mapema kabla hujatoka nyumbani, na nitakwambia sababu. Ofa tukaiacha ilivyo, tukaongeza kwamba nafasi tatu zimeshachukuliwa.

"Ni refu," wifi akasema. "Refu halisomwi."

Lilisomwa na wachache kuliko la kwanza. Lakini mwanamke mmoja wa Mbalizi aliandika chini yake kwamba huyo mama anamjua, ndiye aliyemshonea gauni la kipaimara, na bado analo.

Siku mama alipofika nilikuwa na wateja saba. Nilimpokea kituoni. Alikuwa amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi yetu, na mkononi ana kitenge cha rangi ya damu ya mzee kilichokunjwa ndani ya gazeti. Hakutaka kwenda nyumbani kupumzika. Akasimama mbele ya kioo, akavua sweta zote mbili, akanyoosha mikono.

Nilimpima mabega, kifua, kiuno, urefu. Namba zilikuwa ndogo. Mama niliyemkumbuka alijaza mlango, na huyu aliyesimama mbele yangu ningeweza kumzungushia futi ya kupimia na ikabaki nyingi. Nikapima kifua mara ya pili.

"Andika ulichokipata," akasema taratibu. "Usinishonee yule wa zamani, nitaonekana nimevaa gunia."

Nikaandika. Machozi yalianguka kwenye daftari, naye akajifanya anaangalia barabarani.

Alikaa kwangu siku tatu. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini vidole vinaona. Nilipomjaribisha gauni, alipitisha kidole kwenye mkono wa kushoto, akasema, "Hapa umevuta." Nikafumua. Mkono wa pili aliupigapiga tu. Wateja waliokuja aliwaamkua yeye, akashika vitambaa vyao na kuwaambia kipi kitachuja rangi. Wifi alikuwa anatoroka kazini kuja kumsikiliza. Nafasi kumi zilijaa wakati mama angali ameketi hapo.

Nilitaka gauni liwe zawadi. Alikataa kabisa. "Tangazo limesema nusu. Unataka wenzangu tisa wakuite mwongo?" Akalipa nusu, akadai na mabaki ya kitenge ili ajitengenezee kilemba.

Aliondoka asubuhi amelivaa, sweta moja tu juu yake, na vifungo vyote wazi ili gauni lionekane. Mchana akanipigia kutoka Makambako, basi lilikuwa limesimama ili watu wapate chakula.

"Mwanangu, kuna wanawake wawili wamenifuata mpaka mlango wa choo," akasema, na safari hii alicheka mpaka akakohoa. "Wanataka namba ya fundi. Niwape ya nani, yako au yangu?"

"Wape zote mbili, mama," nikamwambia.