Viatu vya Siku ya Kuvua Weusi

Mwaka ule nilikuwa bibi-arusi wa muda mfupi tu, na nilikuwa nikiishi mtaa wa Kikula katika parseli ya mama mkwe wangu, yaani kiwanja chake. Mume wangu na mimi tulikuwa na chumba cha nyuma. Mama alibaki katika nyumba kubwa, peke yake na nguo yake nyeusi, maana baba mkwe alikuwa amefariki na mwaka wa kilio ulikuwa unakaribia kwisha.

Desturi ya kwao ilikuwa wazi. Siku ya kutoa weusi, dada za marehemu wanamvua mjane nguo ya kilio ndani ya chumba, kisha watoto wake wanaleta nguo mpya na viatu, navyo anavaa palepale mbele ya wale dada. Akitoka nje, watu wanaimba. Ndipo anakuwa tena mwanamke kama wanawake wengine: anaweza kwenda soko, kucheka kwa sauti, kukaa mstari wa mbele kanisani.

Wifi yangu, mzaliwa wa kwanza wa Mama, alikuja kutoka Kapolowe, ambako yeye na mumewe walikuwa wakilima, akaleta kitenge kizuri cha rangi ya kijani na manjano. Kazi ya plant, kiwanda alichofanyia mume wangu, ilikuwa imesimama, yeye na wenzake walienda kila asubuhi na kurudi bila mshahara, lakini kwa siku ya Mama tulijikakamua wote. Kilichobaki ilikuwa kujua vipimo vyake.

"Weye unalala naye mu parseli moya," wifi akaniambia. "Weye utafute mesure. Libaya ya kuvaa juu, na viatu."

"Yaya," nikamjibu, kama tulivyomwita dada mkubwa, "si weye ni mutoto wake? Muulize."

"Nilimuuliza safari iliyopita. Alinijibu: nguo ya siku ile minye sitaki kuisikia mbele ya siku yake kufika. Na akarudi ku moto wake."

Nikaelewa. Mama alikuwa anaogopa kuonekana ana haraka ya kumsahau mumewe. Na mimi, mke wa mtoto wake, ningemwambiaje anyooshe mguu nipime?

Niliogopa zaidi kwa sababu ya wale dada za marehemu. Mmoja wao, mkubwa wao, alikuwa mama mwenye maneno. Nilishasikia habari za mjane mmoja wa mtaa wa pili ambaye kiatu kilimkatalia siku kama ile, na watu wakasema marehemu hajamwachia. Alirudishiwa nguo nyeusi kwa miezi mingine, ati mpaka mumewe aridhike. Nilijua kwamba kiatu kilikuwa kidogo tu. Lakini nani angesikiliza?

Nikaanza na sandali zake. Mama alikuwa akishinda na sandali za plastiki za kahawia, na siku moja alipoziacha mlangoni nikazigeuza haraka. Namba arobaini na mbili. Nikashangaa, maana Mama alikuwa mwanamke mfupi. Mume wangu alipofika nikamweleza.

"Zile ni za papa," akasema. "Mama anazivaa tangu papa alipokufa. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilirudi kuziangalia. Ndani ya kila sandali kulikuwa na alama nyeusi ya mguu, vidole vitano na kisigino, iliyochorwa na jasho na vumbi la mwaka mzima, na nyuma ya kisigino plastiki ilibaki safi, upana wa vidole viwili hivi. Nilichukua uzi wa kushonea, nikaunyoosha kutoka alama ya kidole kikubwa hadi mwisho wa kisigino, nikakata, nikaufunga ndani ya leso yangu. Nilijiona mwizi, lakini nilifurahi.

Libaya ilikuwa rahisi kidogo. Fundi wetu wa zamani wa kushona, aliyejua miili ya akina mama wote wa mtaa, alikuwa ameondoka kwa treni pamoja na wenzake wenye asili ya Kasai waliofukuzwa warudi kwao, akaacha cherehani aliyoazima kwa jirani bila mtu. Nilimpata mama mmoja karibu na soko aliyekuwa anashona barazani kwake. Nilimpelekea nguo nyeusi ya Mama, ile ya kubadilisha, nikiwa nimeianua kwenye kamba ikiwa bado na unyevu.

Aliishika, akaipepeta, akacheka. "Hii ni gunia, mama. Mukati ya gunia unaweza kuweka mahindi ao mihogo, nje haionekane." Kisha akapima mabega. "Mabega peke yake ndiyo hayadanganye. Kwa kifua na kiuno, nitaacha kitambaa kingi mukati ya mishono. Ikibana, unafungua uzi, inapanuka. Na kwa mugongo nitaweka kamba za kufunga. Ikiwa kubwa, unavuta."

Kitenge cha chini hakikuwa na shida. Kitenge hakina namba, kinamzunguka yeyote.

Viatu ndivyo vilivyonipeleka sokoni nikiwa na wasiwasi. Muuza viatu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akileta mali kutoka Zambia, anavipanga juu ya meza, kiatu kimoja cha kila pea, kingine kikiwa ndani ya kapu chini ya miguu yake. Nilimwonyesha viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi, nikampa uzi wangu.

Aliuingiza ndani ya kiatu kimoja, akaubana kwa kidole mbele, akautazama nyuma. Akajaribu kingine. Ndani viliandikwa namba za Kiingereza, tano, sita, saba, lakini yeye alizigeuza kichwani.

"Hii sita yao, kwetu ni thelathini na tisa. Uzi unaingia na nafasi kidogo ya kutembea inabakia. Ni ya nani?"

"Ya mama mukwe wangu. Anatoa weusi."

Akaacha kucheza na uzi. "Na hajue?"

"Hataki kujua."

"Basi sikiliza. Uzi unasema urefu. Hausemi upana. Miguu yake iko namna gani? Inavimba?"

Nilifikiri. Mama alikuwa akisimama kwenye moto siku nzima. Jioni alikuwa akikaa na kuweka miguu juu ya kigoda. "Jioni, ndiyo."

"Na weusi unatolewa jioni, na atakuwa amesimama tangu asubuhi." Akainama kwenye kapu, akatoa pea ya pili ya aina ileile, saba yao, arobaini yetu. "Beba zote mbili. Unalipa moya. Ile haimufae unanirudishia siku ya soko, lakini isiguse udongo. Apime juu ya mukeka. Nikiona mukwaruzo chini, itakuwa yako."

"Na weye utaniamini namna gani?"

"Niachie kitu."

Nilikwenda nyumbani nikamletea kitenge changu ambacho sikuwa nimepata kukivaa, zawadi ya mama yangu mzazi. Nilirudi nyumbani na pea mbili ndani ya mfuko wa unga, nikazificha chini ya kitanda chetu.

Nilijaribu njia moja zaidi. Nilimpelekea Mama kiatu kimoja, nikasema ni cha mama yangu, ati mguu wa mama yangu unafanana na wake, anisaidie kukijaribu. Mama alikitazama kwa muda. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuacha.

"Mwenye kuvaa weusi haweke mguu ndani ya kiatu kipya, mutoto yangu," akasema kwa upole. "Mupelekee mama yako mwenyewe."

Nikaondoka nimeona haya, bila kujua kama alikuwa amenisoma.

Siku yenyewe watu walijaa parseli nzima. Mama alikuwa ameamka mapema kuliko sisi sote, na tulishindwa kumtoa kwenye sufuria. Baada ya misa na chakula, dada za marehemu wakamwingiza chumbani. Mimi na wifi tuliitwa tulete nguo. Kabla ya kuingia nilikuwa nimeifunga pea kubwa ndani ya kitambaa, nikaingia nayo kwapani.

Wakamvua weusi, wakamwosha uso na mikono. Libaya ikaingia. Ilikuwa pana kiunoni. Wifi akavuta kamba za mgongoni, ikakaa. Mama alisimama pale amevaa kijani na manjano, na mmoja wa wale dada akapiga kigelegele kidogo.

Kisha kiatu. Nilipiga magoti, nikakishika. Vidole viliingia, mguu ukaingia nusu, kisigino kikabaki nje. Nikasukuma. Nyama ya juu ya mguu ilikuwa imejaa kama mkate. Mama akauma mdomo.

"Eeh," akasema yule dada mkubwa. "Bwana wake ndiye anakatala."

Nilimwona wifi akifungua kinywa kusema neno, na nikajua likitoka litakuwa la ugomvi. Nikafungua kitambaa.

"Tantine, samahani," nikamwambia shangazi yule. "Nilianza na ya kupima. Ya kuvaa ni hii."

Sijui nilipata wapi sauti ile. Nilimvua kile kiatu kidogo, nikaweka kikubwa juu ya mkeka. Mama hakungoja nimshike. Aliweka mguu, na mguu ukaingia wote kwa mara moja. Wa pili vilevile. Akasimama, akapiga hatua kwenda mlangoni, akarudi.

"Bwana wangu hakatale kitu," akamwambia yule dada. "Ni miguu iliyovimba. Tangu asubuhi minye niko napikia weye."

Yule dada mkubwa akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Vigelegele vikaanza palepale, na waliokuwa nje wakavidaka kabla mlango haujafunguliwa. Mimi nilibaki nimepiga magoti juu ya mkeka, nikishukuru Mungu na muuza viatu, nikiwa na kiatu kidogo kifuani kama mtoto mchanga.

Siku ya soko nilimwambia Mama ninakwenda kurudisha ile pea nyingine. Akasema, "Tuende pamoja." Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda soko tangu msiba. Watu walimsimamisha kila hatua kumsalimia, tukachelewa.

Muuza viatu aligeuza soli za ile pea, akapitisha kidole, akaridhika. Akanirudishia kitenge changu kikiwa kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokileta. Mama alikuwa anaangalia tu. Halafu akaketi juu ya kigoda cha mteja, akavua viatu alivyovaa, akajaribu ile thelathini na tisa. Iliingia bila shida yoyote.

Nikataka kulia. "Mama, basi uchukue hii?"

"Ile nyingine nimetembea nayo, hawezi kuiuzisha. Na asubuhi haina shida, ni jioni miguu inanitesa." Akavaa tena arobaini yake, akamwomba yule mama kipande cha karatasi, akakikunja na kukiweka mbele ya vidole. "Asubuhi naweka karatasi. Jioni naitoa."

Tukaondoka. Tulipofika penye wauza unga nikapata moyo wa kumuuliza.

"Mama, ile siku nilikuletea kiatu cha mama yangu. Ulijua?"

"Mama yako ni murefu kama mulango," akasema. "Lakini minye nilikuwa mu weusi. Ningekujibu nini?"

Tukatembea kidogo. Kisha akanitazama miguu, waziwazi kabisa, kama mtu anayechagua samaki.

"Na weye iko namba ngapi? Uniambie sasa, siku nitakununulia viatu nisianze kupima sandali zako na uzi."

"Thelathini na nane, Mama."

"Na upana?"

"Upana wa kawaida."

"Muzuri," akasema, tukaingia kununua unga.