Kiwanda kitakachovuka ziwa

Kuna wakati niliamini, bila shaka hata kidogo, kwamba kiwanda chetu cha barafu kingebebwa kizima mpaka Kongo. Habari ilitoka kwa fundi wa mashine za baridi, mtu asiyecheka hata akichekeshwa. Alisema wanunuzi wasiojulikana watafunga majahazi ya chuma pamoja, watasukuma jengo juu yake na kulivusha Ziwa Mweru samaki wakiwa bado wameganda ndani, ili wasipoteze baridi. Ushahidi ulikuwepo: mgeni mmoja alikuja na kamba ya kupimia, akapima kuta, akapima ghala, akapima hata mlango wa choo. Sasa, ni nani anapima mlango wa choo kama hana mpango wa kuubeba? Mimi swali langu lilikuwa moja tu: siku ya kuvuka, sisi wafanyakazi tutapanda ndani au juu ya paa?

Nilikuwa karani wa malori pale Kashikishi, upande wa Zambia. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila lori linaondoka na barafu ya kutosha kufika miji ya migodi ya Copperbelt. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya usiku, na Kiingereza changu, kwa maoni yangu, kilitosha kuhutubia bunge. Ndiyo maana Mama Direkta aliniita mimi.

Mama Direkta alikuwa Mkongomani kama mimi, aliyesoma Lubumbashi kwa Kifaransa, na ndiye aliyeongoza kampuni nzima: kiwanda, bohari za barabarani, mashua za kukusanya samaki. Mwenye mali, ambaye sote tulimwita Patron, alikaa Kitwe na kuja ziwani mara chache. Alikuwa na tabia moja inayojulikana mpaka sokoni. Mkubwa yeyote akisikika anatafuta kazi kwingine, Patron hamngojei. Anambadilishia kufuli ya biro, yaani ofisi, asubuhi, kisha ndipo anampigia simu. Direkta aliyetangulia alikuta vitu vyake getini, ndani ya kreti ya samaki.

Mama alifunga mlango, akaweka simu yake mbele yangu. Siyo ile ya kampuni, ile yake mwenyewe.

"Soma. Halafu hii message weye haukuiona."

"Hata macho yangu hayakuiona, Mama Direkta."

Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, na ulitoka kwa mwanamke wa Lusaka, wa ofisi inayotafutia makampuni viongozi. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi: Habari za leo. Nakuandikia katika namba yako binafsi kwa makusudi. Tumepewa kazi na kampuni moja ya vyakula inayotaka mkuu wa shughuli zake zote za baridi, upande wa Zambia na upande wa Kongo. Jina la kampuni siwezi kulitaja kwa sasa. Mwajiri wako hajui kwamba nimekuandikia, na hatajua kutoka kwetu. Sihitaji wasifu wala barua yoyote. Naomba mazungumzo mafupi tu kwa simu, nje ya saa za kazi, mahali utakapokuwa huru kusema. Hatutamuuliza mtu yeyote habari zako bila ruhusa yako. Kama hupendi, niambie tu, nami sitakusumbua tena.

Nikasoma mara ya pili, na hapo nikaunganisha mambo. Kampuni inaficha jina. Kazi iko pande zote mbili za ziwa. Yote ni mambo ya baridi. Ee! Wale wale wa majahazi! Wanatafuta direkta wa kukipokea kiwanda kikishafika ng'ambo! Nilidhani Mama anajua, naye alidhani mimi nimeelewa. Hivyo tukaendelea pamoja vizuri kabisa.

"Unaonaje?" akaniuliza. "Hii ni kweli, ao ni Patron ananitega?"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe mtamu. Akijibu ndiyo, na mwandishi akawa mtu wa Patron, kreti ya samaki ilikuwa inamngoja. Akinyamaza, na ujumbe ukawa wa kweli, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nikamwambia tusiipigie namba iliyo kwenye ujumbe. Nilitafuta ukurasa wa ile ofisi kwenye mtandao, nikachukua namba ya mapokezi iliyoandikwa pale, nikapiga kwa simu yangu. Nikauliza kama wana mfanyakazi wa jina lile. Wakasema yupo, wakaniuliza nani anamtafuta. Nikasema nitapiga tena, nikakata, nikijisikia kama mkuu wa upelelezi wa Afrika ya Kati. Mama akajibu kwa sentensi moja: yuko tayari kuzungumza, jioni, baada ya kazi.

Likabaki suala la mahali pa kuzungumzia. Ofisini haiwezekani, ukuta ni wa mbao nyembamba na nyuma yake anakaa mhasibu, shemeji yake Patron. Nyumbani pia hapana, nyumba ni ya kampuni na mlinzi ni wa kampuni. Mama akaamua kwenda ufukweni, upande wa Nchelenge, aegeshe gari mahali pasipo na watu.

Msomaji asiyeujua ufukwe wetu atasema ni wazo zuri. Lakini kwetu mtu hakai peke yake. Mtu mkubwa aliyekaa peke yake ndani ya gari, ameangalia maji, ameacha dereva nyumbani, huyo ana matatizo, na mwenye matatizo lazima asalimiwe. Mama alikuwa hajamaliza kusema "haloo" wakati wanawake wanaoanika chisense, dagaa zetu za ziwani, walipofika dirishani na salamu zao za Kibemba.

"Mwapoleni mukwai, bamayo! Motokari imekufa?"

"Haikukufa, mama. Niko napumzika."

"Napumzika!" mmoja akawaambia wenzake. "Mutu mwenye kuwa na kitanda anakuja kupumzika ku maji!"

Akaja kijana wa baiskeli kusukuma gari lisilohitaji kusukumwa. Akaja mchungaji wa kanisa, akaweka mkono juu ya boneti na kuanza kuomba. Kwa jinsi Mama alivyonieleza, hata mbuzi walisimama kwa huruma. Akamwambia yule wa Lusaka kwamba mahali si pazuri, akakata simu, akasema amina, akarudi.

Kesho yake Kashikishi nzima ilijua. Wengine walisema analilia ndoa yake. Lakini wengi waliunganisha na habari ya fundi: Mama Direkta alikwenda kuangalia kama majahazi yamefika.

Patron hakumpigia Mama. Alinipigia mimi.

"Weye, karani. Direkta alikuwa anafanya nini ku maji jana?"

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Na kwa imani yangu, nilikuwa nazungumza na mtu anayekaribia kupoteza kiwanda chake.

"Patron, mimi najua malori na barafu tu."

"Usinidanganye. Mhasibu anasema batu wanaongea. Wanasema nini?"

Hapo nikafikiri haraka. Ujumbe ni siri ya Mama. Lakini maneno ya mtaani si siri ya mtu, na huyu ameshayasikia nusu. Nikamwambia ya mtaani, yote: majahazi, kamba, samaki walioganda, mlango wa choo. Niliyasema kwa uzito wote, maana niliyaamini.

Kisha nikasikia kitu kama injini ya mashua inayokataa kuwaka. Patron alikuwa anacheka. Alicheka akakohoa, akaita mtu aliyekuwa naye chumbani, akamsimulia, wakacheka wawili.

"Na choo pia watavusha?"

"Ndiyo, njo vile wanasema, Patron."

"Basi niachieni tu ile choo!" Akakata. Hakuuliza tena habari za gari ufukweni, si kwangu wala kwa Mama.

Nilipomsimulia Mama, alifunga mlango kwanza, akanisogelea.

"Haukumuambia kitu?"

"Kitu gani, Mama? Mimi sikuona kitu."

Mara ya pili alichagua mahali pengine, na nilidhani amechanganyikiwa. Akamwandikia yule wa Lusaka kwamba watazungumza asubuhi kabla ya kazi, na akaniambia nimfuate soko la samaki, saa ya kupima mizigo. Saa hiyo Kashikishi haina sikio. Kila mfanyabiashara ana simu mkononi na anampigia kelele mwenzake wa ng'ambo, kana kwamba anataka sauti ivuke maji bila msaada wa mtandao. Mama akasimama katikati, kati ya mizani na kreti zetu, kidole kimoja kwenye sikio, akapiga kelele kama wengine. Hakuna aliyegeuka.

"Hapana, hapa ni salama!" nilimsikia akisema kwa Kiingereza. "Hakuna mahali salama kuliko hapa!"

Akaeleza kazi yake, watu anaowaongoza, kwa nini angependa kuondoka na kwa nini angependa kubaki. Akauliza nani mwingine anajua jina lake. Akauliza mara mbili kama hawatampigia Patron, akasikiliza jibu kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja wa kuuza samaki, jirani wa mizani, akamgusa bega.

"Mama, anakupunguzia bei?"

"Ni miye nampandishia!"

"Kaza, mama! Batu ba mujini wako na feza!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole na kimya. Mama alisaini karatasi ya kutunza siri, ndipo akaambiwa jina la kampuni. Alichukua likizo akaenda Lusaka kukutana nao. Watu wa kutoa ushuhuda juu yake waliulizwa mwishoni kabisa, wale aliowataja yeye, baada ya yeye kukubali. Alipopata mkataba mkononi, alipanda gari, safari hii na dereva, akaenda Kitwe kumwambia Patron uso kwa uso. Patron alinuna, kisha akamwomba amalize muda wake wa notisi, kwa kuwa habari aliisikia kwake mwenyewe, si kwa umbea. Kufuli ya biro haikubadilishwa.

Siku ya kuondoka tulimbebea mizigo mpaka kwenye gari. Kila mtu alikuwa na neno. Mimi nilingoja wengine wapungue, nikamsogelea, nikauliza kwa sauti ya chini, kama mtu wa ndani anavyomuuliza mwenzake.

"Mama Direkta, sisi tunavuka lini?"

"Kuvuka wapi?"

"Na kiwanda. Majahazi."

Aliniangalia, akamwangalia fundi aliyekuwa anafunga kamba juu ya gari, akaniangalia tena.

"Mutoto yangu, weye ulisoma ile message mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna mutu alikuwa ananunua kiwanda. Yule wa kamba alikuwa mutu wa bima. Ile kampuni iko na viwanda vyake, ilikuwa inatafuta mutu wa kuviongoza. Waliniuliza kama niko tayari kuongea, nikaongea, wakanipa kazi. Njo ile tu."