Alama ya Masizi Kwenye Kijiti

Kijiji kizima cha Mtawanya kilimwita Mshamu "Kocha", naye jina hilo alilivaa kama kanzu ya Idi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanja cha gofu Dar es Salaam, akiwabebea matajiri mikoba ya fimbo. Jioni wenyewe wakishaondoka, yeye na makedi, wabeba mikoba wenzake, walicheza kwa fimbo moja ya chuma iliyopinda shingo. Magoti yalipoanza kumsumbua akarudi nyumbani kulima muhogo.

Basi miaka ile makampuni ya nje yalipoanza kumiminika, ikaja moja ya kujenga barabara, ikapiga kambi nje kidogo ya Kibiti. Wahandisi wakafyeka uwanja mkongwe wa ndege, wakawa kila Jumapili wanapiga mipira. Mshamu alisimama pembeni siku mbili tatu, mwisho akashindwa kujizuia. "Huo mchezo mimi naujua," akasema. Wakampa kazi ya kuwafundisha vibarua waliotaka kujaribu. Ndiyo ukocha ukaanza.

Alifundisha alivyojua. Mpira katikati ya miguu, kijiti cha kuubeba kizamishwe udongoni mpaka mpira uguse majani, halafu fimbo ishuke kama jembe. Kwa fimbo ya chuma hayo ni sawa kabisa. Lakini wahandisi walikuwa na ile fimbo kubwa ya kupigia mbali, draiva, tena ya kisasa, kichwa kama boga changa. Hiyo nayo Mshamu aliifundisha vilevile.

Mwanabibi, binti wa dada yake, alikuwa mfuaji wa nguo pale kambini. Akimaliza kuanika, anajifunga kanga juu ya suruali, anaazima draiva. Tangu mwanzo alikuwa na mambo yake. Vijiti vya dukani alivikataa, akasema ni vifupi kwa kichwa kikubwa namna ile. Akachonga vyake vya mkoko kutoka Mbuchi kule pwani, virefu, kila kimoja akakizungushia alama ya masizi: hapo ndipo udongo uishie. Kikisimama hivyo, nusu ya mpira inachungulia juu ya kichwa cha fimbo.

"Mwanangu, hilo ni papai juu ya kichuguu," Mshamu alimwambia mbele za watu. Watu wakacheka.

"Papai linaruka lakini, mjomba."

Kweli liliruka. Ili awaonyeshe watu upuuzi wake, Mshamu akachukua kijiti cha Mwanabibi, akaweka mpira juu juu vile, katikati ya miguu yake kama kawaida, akashusha jembe. Fimbo ikapita chini ya mpira. Mpira ukagonga utosi wa fimbo, ukapaa wima, ukaanguka karibu na miguu yake. Rangi juu ya fimbo ya watu ikabaki na mchubuko.

"Kocha anatungua embe!" Hemedy, fundi wa magreda, akapiga kelele. Uwanja mzima hoi.

"Umeona?" Mshamu akasema, uso unamuwaka. "Si nilisema haifai?"

Mwanabibi akamsogelea, akasema polepole wasisikie wengine. "Mjomba, kijiti peke yake hakitoshi. Mpira uusogeze mbele, usawa wa kisigino cha kushoto. Bega la kulia lishuke kidogo. Fimbo ni bembea. Ikishapita pale chini kabisa inaanza kupanda yenyewe, mpira ukutane nayo inapanda. Usiinyanyue kwa mikono."

"Nenda kaanue nguo zako," Mshamu akamjibu.

Lakini maneno yale yalimganda. Alfajiri moja, baada ya swala, alikwenda uwanjani peke yake akajaribu. Kisigino cha kushoto, bega, bembea. Mpira ukatoka juu, umetulia, ukasonga mbele kama uliokuwa na safari, na ulipotua ukaendelea kubiringika. Alirudia na kurudia. Kisha akajaribu upigaji wake wa siku zote. Mpira ukatoka chini, ukijizungusha kurudi nyuma kwa nguvu, ukapanda ghafla, upepo ukaukamata, ukadondoka kama gunia. Umri wote ule! Akafuta nyayo zake kwenye umande, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Wiki hiyohiyo Injinia Miraji, mkubwa wa kambi, akatangaza jambo. Klabu moja ya Dar ilikuwa inatafuta kijana wa kufundishwa ualimu wa gofu, kulala na kula juu yao. Atakayepeleka mpira mbali kuliko wote Jumapili, ndiye. Kila mtu mipira mitatu. "Na Kocha atawasimamishia mipira wote," akasema, "kwa heshima yake."

Mwanabibi hakulala kwa furaha. Kufua suruali zenye lami mpaka lini?

Jumapili watu walijaa, hadi kutoka Mohoro. Upepo ulikuwa unakuja usoni. Hemedy akapiga, mmoja wake ukafika mbali, akashangiliwa. Zamu ya Mwanabibi ikafika. Akamkabidhi Mshamu kijiti. "Mpaka kwenye alama, mjomba."

Mshamu akainama. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipozaliwa, maana alijua. Alijua kuliko mtu yeyote uwanjani pale. Lakini alisikia nyuma yake mtu akinong'ona, "Leo tutaona nani kocha," na kidole gumba kikasukuma. Alama ikazama udongoni. Mpira ukakaa chini.

Mwanabibi, macho yake mbele kwenye bendera, akapiga. Fimbo iliyokuwa imeanza kupanda ikaugonga mpira utosini, ukatambaa kwenye majani. Minong'ono. Mpira wa pili, kidole gumba kilekile. Safari hii aliogopa kuukosa, akaushushia jembe. Ukapanda, ukasimama angani, ukadondoka nyuma kabisa ya wa Hemedy.

"Kafue, dada!" mtu akapiga kelele.

Mpira wa tatu. Mshamu akainuka, na Mwanabibi akatazama chini. "Mjomba," akasema, "alama imezama."

Angeweza kusema chochote. Akasema, "Udongo laini."

Udongo wa uwanja ule wa ndege! Uliwahi kubeba ndege, kijiti hakizami ila kwa kusukumwa. Mwanabibi alimwangalia machoni mara moja tu, Mshamu akaangalia viatu. Binti akachutama, akavuta kijiti juu taratibu mpaka duara jeusi likaonekana, akarudisha mpira. Akasimama, kisigino cha kushoto, bega likashuka.

Ule mlio ulikuwa mwingine. Mpira ukapaa, ukapasua upepo bila kuyumba, ukaupita wa Hemedy ukiwa bado hewani, ukatua, ukabiringika. Watu wakaruka. Injinia Miraji akaja mbio, akamshika mkono. "Binti! Nani kakufundisha kupiga hivi?"

Mshamu akafumba macho, akangoja.

"Mjomba wangu," Mwanabibi akasema. "Si ndiye kocha?"

Wakambeba Mshamu juu! Wakamzungusha uwanja mzima, "Kocha! Kocha!", naye juu ya mabega ya watu anatamani ardhi ipasuke. Mdomo aliufungua mara mbili. Kelele zilikuwa nyingi, lakini si kelele zilizomnyamazisha.

Siku ya safari alimbebea begi mpaka stendi ya Kibiti. Njiani kote alikuwa ameyapanga maneno, na basi lilipopiga honi yalikuwa bado yamepangwa. Mwanabibi akampa mkono, akaubusu wa mjomba wake kwa adabu, akapanda. Kisha akachungulia dirishani, anatabasamu kidogo.

"Mjomba, uchunge huo udongo laini."

Basi likaondoka, Mshamu akabaki na vumbi.

Siku hizi wanafunzi wake wanaweka mpira usawa wa kisigino cha kushoto, nusu ikichungulia juu ya kichwa cha fimbo, na mipira inakwenda. Wanamsifu. Ila wanashangaa kitu kimoja: Kocha huwezi kumwomba akusimamishie mpira. Hata ukiwa mgeni, hata ukiwa mkubwa wa kambi, anaweka mikono nyuma, anarudi hatua moja.

"Kijiti chako," anasema, "chomeka mwenyewe."