Herufi ya Kumi na Saba

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni huku Pasiansi, na abechede tuliyofundishwa haikuwa na Q wala X. Kwa Kiswahili hazina kazi.

Kiwanda cha pamba kilipotupunguza, nikapata kazi ya kuchuna sangara kwenye viwanda vipya vya samaki. Kutwa umesimama kwenye maji ya barafu. Miguu yangu ikaanza kuvimba, daktari akasema nitafute kazi ya kukaa. Ikatokea moja tu: karani wa stoo. Kule katoni zinapangwa kwa herufi, kwa hiyo mtihani ulikuwa wa herufi.

Tuliomba wawili, mimi na mwenzangu wa kisomo. Jumuiya yetu moja, rozari tunasali pamoja, mwanangu wa mwisho yeye ndiye mama yake wa ubatizo. Mwalimu wa jioni akakubali kutuelekeza. Siku ya pili nilikuwa msibani Sengerema, nikamwomba mwenzangu anishikie somo.

Niliporudi akanionyesha jikoni kwake. A, C, F, halafu pengo, halafu K. "Unaruka moja, kisha mbili, kisha moja tena. Kwenye pengo?"

"H," nikasema.

"Eeh! Mama umeiva wewe!"

Nikamuuliza, "Na zile za Kizungu, Q na X, tunazihesabu?"

Akageukia sufuria yake. "Mtihani wenyewe wa Kiswahili, Q ya nini? Hesabu kama ulivyofundishwa."

Nikapiga ishara ya msalaba, nikaingia kwenye mtihani. Swali la mwisho lilikuwa J, L, O, pengo, pengo. Baada ya O nikaruka P, nikaandika R. Nikaruka S na T, nikaandika U. Nilitoka nikimshukuru Mungu.

Msimamizi akatusomea majibu pale pale getini. Mengine yote tulipata sawa, mimi na yeye. La mwisho, akasema, ni Q na T: unaruka P unakuta Q, unaruka R na S unakuta T. Mwenzangu alikuwa ameandika hivyo hivyo. Kiti kikawa chake.

Jioni nikapita kwa mwalimu, nikamweleza nilivyokosa. Akashangaa. "Mbona nilimwambia akwambie? Herufi ishirini na sita, Q ni ya kumi na saba. Nilirudia mara mbili."

Jumapili nilimsubiri mwenzangu nje ya kanisa.

"Kwa nini?"

Hakukana. Alikuwa anafungua na kufunga mkoba wake. "Ungejua ungenishinda, dada. Wewe huwa unanishinda."

"Na miguu yangu unaijua."

"Naijua."

Mtoto wangu akaja mbio, akamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa." Akaitika marahaba, akataka kumshika kichwa. Nikamvuta mtoto kwangu. Kumsamehe nimemsamehe, kila siku naanza upya, kwa sababu kila asubuhi nikivaa buti za mpira namwona dirishani stoo, amekaa.