Neno lililozama kwenye mkunjo

Nilikuwa nimepanga kurasa za vitabu vya kiada kwa miaka saba kabla sijakabidhiwa kitabu cha picha cha watoto. Ofisi yetu iko Makole, Dodoma, vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yangu ilikuwa kumwaga maandishi kwenye safu, kuweka vichwa vya habari mahali pake na kuhakikisha namba za kurasa hazirukiruki. Picha ilipokuwepo, ilikaa ndani ya kisanduku chake na maneno yakaizunguka. Sikuwahi kufikiria kwamba maneno na picha vinaweza kugombania nafasi.

Kitabu chenyewe kilitoka kwa mwalimu mmoja wa Kibakwe, mama aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alikiandika mwenyewe na kukichora mwenyewe kwa rangi za maji, kila picha ikienea kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Kilikuwa na kurasa ishirini na nne. Hadithi ni ya mtoto anayemsindikiza bibi yake kuchunga mbuzi wakati wa kiangazi. Anashikwa na kiu, anakuta dimbwi la maji safi kabisa kwa macho, anapiga magoti na kuyachota kwa viganja. Bibi anamwona kwa mbali. Maji yale yamevuja kutoka kwenye josho la ng'ombe, yana dawa ya kupe. Bibi anapaza sauti: "Maji haya si ya kunywa!" Mtoto anayamwaga.

Picha ya tukio hilo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ukurasa wa kushoto ulijaa uso wa bibi, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kidevuni, mdomo wazi. Ukurasa wa kulia alikuwa mtoto amepiga magoti, viganja karibu na midomo. Katikati yao mwalimu aliacha anga na mchanga, na mkono wa bibi uliokuwa ukivuka kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaona hapo katikati pamekaa kama pameombewa maneno. Nikaandika sentensi kwa herufi kubwa, mstari mmoja, juu ya mkono: "Maji haya" upande wa kushoto, "si" katikati kabisa, "ya kunywa" upande wa kulia.

Naomba nijitetee kidogo. Wakati ule kitabu kilikuwa cha kubanwa kwa pini, na kurasa zile zilikuwa za kumi na mbili na kumi na tatu. Kwenye kitabu cha pini cha kurasa ishirini na nne, hizo ndizo kurasa za katikati: ni karatasi moja iliyokunjwa, ukiifungua inalala bapa, na pini mbili tu ndizo zinazoonekana. Neno linaweza kupita hapo bila kuumia. Hilo nililijua na nililipanga kwa makusudi.

Ila baadaye bosi akaamua tuunganishe hadithi hii na nyingine ya mwalimu kwenye kitabu kimoja. "Kiwe na mgongo," alisema, "kisimame kwenye rafu." Kurasa zikawa arobaini na nane, pini ikaondoka, ikaja gundi. Hadithi ya kwanza ikasogea mbele kwa kurasa mbili ili kupisha ukurasa wa jina na yaliyomo. Mimi nikasogeza kila kitu kwenye kompyuta kwa amri moja. Kwenye kioo kurasa mbili zinaonekana kama ubao mmoja uliotandazwa, hazina mkunjo. Nikatazama, nikaridhika, nikatuma kwa mpiga chapa atutengenezee vitabu kumi vya mfano.

Vilipofika sikuvifungua vyote. Nilitazama jalada, nikanusa gundi, nikapanda basi kwenda Mpwapwa na kutoka hapo Kibakwe, kwa sababu mwalimu alikuwa ametuombea nafasi ya kuvijaribu na darasa la pili la shule yake.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja na watoto wangu?" Alimaanisha vitabu.

Tulikaa nyuma ya darasa, yeye na mimi, kwenye dawati la wanafunzi. Mwalimu wa darasa, kijana mchangamfu, alivigawa, kitabu kimoja kwa watoto watano watano. Walisoma kwa zamu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye uso wa bibi. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja aliyekuwa msomaji hodari, sauti kavu, kidole kikifuata maneno. Akasoma bila kusita:

"Maji haya ya kunywa!"

Nilidhani ameruka neno. Mwalimu wa darasa naye akadhani hivyo, akamwambia kundi la pili wasome. Nao wakasoma, "Maji haya ya kunywa!"

"Bibi anasema nini?" aliuliza.

"Anamwambia mjukuu wake anywe," darasa likajibu.

Wakafungua ukurasa unaofuata. Mtoto anayamwaga maji.

"Kwa nini ameyamwaga?"

Mmoja akanyoosha mkono. "Ana kiburi, mwalimu. Bibi kamwambia anywe, yeye kamwaga."

Wenzake wakakubali kwamba ana kiburi.

Mama aliyekuwa kando yangu aliomba kitabu kwa kundi lililokuwa karibu, akakiweka juu ya dawati na kukikandamiza kwa viganja viwili. Gundi ikalia, ka! Neno "si" likachungulia kutoka ndani ya mkunjo, s upande huu, i upande ule, na ukurasa mmoja ukachomoka na kubaki mkononi mwake.

Nilitamani dawati linifunike. Tangu nianze kazi hii nimekosea namba za kurasa, nimegeuza ramani, nimewahi kuacha zoezi zima nje ya kitabu. Hakuna kosa lililowahi kumfundisha mtoto anywe maji ya josho.

Darasa lilipotoka kwenda uji tulibaki wawili. Ndipo aliponiambia kwamba hadithi haikuwa ya kubuni. Utotoni mdogo wake alikunywa maji ya josho, wakambeba kwa baiskeli hadi hospitali ya wilaya, akalala huko siku tatu. Alipona. "Ila bibi yetu hakuwa ameona," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwepo, na sikupaza sauti kwa sababu sikujua. Kwenye kitabu nimempa bibi sauti. Sasa ninyi mmeimeza."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki msamaha wako, nataka neno langu lionekane."

Niliporudi Makole nilimweleza bosi. Hakukasirika. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama kioo na kusema, "Si rahisi tu? Sogeza maneno kushoto, yawekee kisanduku cheupe nyuma yasomeke." Nikafanya hivyo. Kisanduku kikakaa juu ya kidevu na nusu ya mdomo wa bibi, kwa kuwa ukurasa wote wa kushoto ni uso. Nikachapa nakala, nikaipiga picha na kumtumia mwalimu kwa simu. Jibu lilikuja upesi: "Umemfunga bibi kitambaa mdomoni."

Upande wa kulia, juu, maneno yalikaa kwenye paji la mtoto. Nilipoyasukuma pembeni kabisa yalifika ukingoni ambapo kisu cha mpiga chapa kingeyakata. Nilijaribu siku nzima na sikupata pa kuyaweka.

Ijumaa ile mwalimu alikuja Dodoma kufuatilia michango yake ya pensheni, akafikia kwa binti yake mtaa wa Area D, na asubuhi ya Jumamosi akaja ofisini na bahasha ya michoro yake ya asili. Hakutaka kukaa kwenye kompyuta. Aliniambia nichape ile picha kwa ukubwa wake halisi, nichape na sentensi peke yake kwa saizi tatu, nilete mkasi. Tulikaa sakafuni. Kwanza nilichora kwa penseli mistari miwili, mmoja kila upande wa mkunjo, sentimita mbili kutoka katikati, nikamwambia kwamba ndani ya mistari hiyo neno lolote ni marufuku.

"Na mkono wa bibi?"

"Mkono unaweza kupita. Mtoto akiuona unaingia huku na kutokea kule anaumalizia mwenyewe kichwani. Uso hauwezi, na neno haliwezi."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kuzungusha kipande cha karatasi chenye sentensi juu ya picha kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika saa ukutani. Alikiweka juu, akakitoa. Akakiweka kwenye mkono wa bibi, akakitoa.

"Watoto huanza na uso," alisema. "Wakishauona uso wanafuata macho yake. Bibi anatazama wapi?"

Nilifuata kwa kidole. Macho ya bibi yalishuka kwa mshazari, yakavuka mkunjo, yakapita viganja vya mtoto na kuishia kwenye mchanga chini ya magoti yake. Pale palikuwa na eneo pana, rangi ya kahawia hafifu, herufi nyeusi zingesomeka vizuri. Tatizo ni kwamba alikuwa amechora hapo nyayo za mbuzi, nyingi, moja moja kwa brashi nyembamba. Maneno juu ya nyayo yangeonekana kama mchwa waliochanganyikana.

Alizitazama muda mrefu. "Hizi nyayo zilinichukua jioni mbili," alisema. Halafu akatoa rangi zake kwenye mkoba, akaomba maji kwenye kikombe cha chai, na kwenye karatasi nyingine akachora kipande cha mchanga mtupu. Kilipokauka nilikiskani na kukiunganisha juu ya nyayo. Zilibaki chache tu, zikitokea pembeni kuelekea kwenye dimbwi.

Sentensi tuliikata mistari miwili. Mimi niliikata baada ya "si", kwa kuwa mistari ililingana urefu. Yeye akakichukua kipande na kukikata upya kwa mkasi: "Maji haya" juu, "si ya kunywa!" chini. "Hilo neno lisitengane na wenzake," alisema. "Mtoto akivuta pumzi mahali pabaya atalisahau."

Kabla ya kutuma tena, nilichapa kurasa zote arobaini na nane, nikazikunja, nikazibana mgongoni kwa gundi ya mbao iliyonunuliwa duka la chini, na nikasoma kitabu kizima nikiwa nimekishika kwa mkono mmoja, jinsi mtoto anavyokishika. Niligundua sehemu nyingine nne zenye maneno yaliyoegemea mkunjo, nikazisogeza.

Kitabu kilitoka miezi miwili baadaye. Mwalimu alikipeleka darasa lilelile, mimi sikwenda. Alinipigia mchana. Alisema yule msichana alisoma sentensi yote, akasimama, akarudi nyuma na kuisoma tena kwa sauti ya kupaza, na wenzake wakarudisha mikono yao nyuma kana kwamba maji yalikuwa mezani.

"Ila hadithi ya pili, ukurasa wa thelathini na moja," akaongeza, "mbuzi wangu mweusi hana pua. Imeingia kwenye mkunjo."

Nilifungua nakala yangu nikatazama. Kweli, hakuwa nayo.